Jinsi ya kuandika orodha ya bi-roli: nusu dakika ya usimulizi juu ya mwani wa Paje

Bi-roli ni zile picha zinazopita juu ya sauti ya msimulizi au ya mhojiwa. Zikikosekana, mhariri hana la kufanya ila kurefusha picha moja mpaka ichoshe, au kurudia ileile ya wimbi ambayo mtazamaji kaiona dakika moja nyuma. Mara nyingi tatizo hilo huanzia kwenye karatasi, kabla kamera haijatoka begini. Orodha iliyoandikwa "pwani, wanawake, mwani, mashua" haimwambii mpigapicha asimame wapi, saa ngapi, wala apate nini hasa.

Tuchukue kipande kimoja cha usimulizi, tukitengenezee orodha mwanzo hadi mwisho. Kipande chenyewe ni cha makala fupi kuhusu wakulima wa mwani wa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja:

"Maji yakikupwa Paje, wanawake huingia baharini. Hukata mbegu ya mwani vipande vidogo, na kila kipande hukifunga kwenye kamba kwa uzi. Kilimo hiki kilianza kibiashara pwani hii ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Lakini bahari imepata joto, na ile aina yenye bei nzuri haistawi tena kwenye maji haya ya kina kifupi. Wengine wameifuata kwenye maji ya kina, wengine wameacha kulima."

Hatua ya kwanza: pima kwa sauti

Soma usimulizi kwa sauti, kwa mwendo uleule atakaoutumia msimulizi, huku saa ya simu ikihesabu. Pima sentensi mojamoja na uandike sekunde pembeni. Usihesabu maneno. Kanuni za maneno kwa dakika zilizomo kwenye miongozo ya Kiingereza hazitufai, kwa sababu neno letu moja kama "wameifuata" linabeba kazi ya maneno matatu au manne. Tarakimu nazo hudanganya: 1989 kwenye karatasi ni alama nne, lakini "elfu moja mia tisa themanini na tisa" mdomoni huchukua karibu sekunde 3. Kwa kusoma kwa utulivu, kipande chetu kinatoka hivi: sentensi ya 1, sekunde 4, ya 2, sekunde 6, ya 3, sekunde 9, ya 4, sekunde 8, ya 5, sekunde 5. Jumla ni 32.

Hapo ongeza pumzi. Baada ya sentensi ya pili tunataka sekunde 2 za sauti ya mahali peke yake, maji yakigonga miguu na wanawake wakiongea. Mwishoni tunataka sekunde 3 kabla mhojiwa hajaanza kusema. Sasa tuna sekunde 37 za kufunika, na hii ndiyo namba ya kufanyia kazi. Wanaosahau pumzi hujikuta wamepungukiwa picha moja au mbili kila aya, na katika makala ya dakika kumi pengo hilo huwa kubwa.

Picha moja tulivu hukaa kwenye skrini sekunde 3 hadi 5. Kwa wastani wa 4, sekunde 37 zinahitaji picha 9 au 10 zitakazobaki kwenye kazi iliyokamilika. Orodha yenyewe iwe na mara mbili yake, yaani 18 hadi 20. Baadhi zitatoka na ukungu wa lenzi, nyingine mtu atapita mbele, na nyingine zitakuwa nzuri peke yake lakini hazishikani na jirani yake. Zaidi ya mara mbili si lazima. Orodha ya picha 60 kwa nusu dakika humfanya mpigapicha akimbie, na anayekimbia hashiki picha hata moja ipasavyo.

Hatua ya pili: pigia mstari vitenzi

Watu wengi hupigia mstari majina: Paje, wanawake, mwani, bahari. Matokeo yake ni picha za vitu vilivyosimama, na msimulizi akitaja mwani tunaonyeshwa mwani, akitaja bahari tunaonyeshwa bahari. Mtazamaji huchoka upesi kwa sababu jicho linarudia kile sikio lilichokwisha kupokea. Vitenzi ndivyo vinavyozaa picha zenye mwanzo na mwisho. Kwetu ni: yakikupwa, huingia, hukata, hukifunga, kilianza, imepata joto, haistawi, wameifuata, wameacha.

Ukishavipigia mstari, vigawe mafungu mawili. La kwanza ni vinavyoonekana kwa macho: kukupwa, kuingia, kukata, kufunga. Hivi ni rahisi, na picha zake unaweza kuziandika ukiwa mezani. La pili ni visivyoonekana, au vilivyokwisha kupita: kuanza mwaka 1989, kupata joto, kutostawi, kuacha. Muda mwingi wa kuandika orodha uende kwenye fungu hili, kwa sababu ukiliacha hadi siku ya kupiga utarudi na picha nyingi za kufunga kamba na hakuna hata moja ya kuweka juu ya sentensi ya tatu, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote.

Hatua ya tatu: andika mstari mmoja mmoja

Kila mstari wa orodha ujibu maswali matano: ni wa sentensi ipi, nani anafanya nini, picha ni ya ukubwa gani, lini na wapi, na ina sauti au haina. Sentensi ya pili, kwa mfano, iandikwe hivi:

2a. Picha pana. Wanawake wawili au watatu wameketi kwenye mchanga wenye unyevu, kamba mapajani, bahari nyuma yao. Asubuhi, kabla hawajaingia majini. Sauti: ndiyo.

2b. Karibu sana. Mikono inavunja kipande cha mbegu kutoka kwenye fungu kubwa. Mtu yuleyule wa 2a. Sauti: ndiyo.

2c. Karibu sana. Taitai (uzi mfupi) inapita chini ya kipande cha mwani, inafungwa, inakazwa. Ipigwe mara tatu, fundo lianze na kuisha ndani ya picha.

2d. Karibu. Uso wa mfungaji, macho yake yakitazama chini kwenye mikono. Asitazame kamera.

2e. Kutoka juu ya bega lake. Mikono, kamba, na sehemu iliyokwisha kufungwa ikionekana imelala mchangani.

Picha hizi tano ni kazi moja iliyotazamwa kutoka pande tano, kwa hiyo mhariri anaweza kuzikata kwa mpangilio wowote na bado zikasomeka kama tukio moja. Tunahitaji sekunde 6 za sentensi na 2 za pumzi, kwa hiyo zitatumika mbili au tatu tu. Zinazobaki ndizo akiba. Mstari wa 2c ndio unaostahili uangalifu kuliko yote. Fundo likikatwa katikati, picha haina mwisho, na mhariri atalazimika kuhamia kwenye picha nyingine wakati jicho bado linasubiri uzi ukazwe. Ndiyo maana orodha inataja mwanzo na mwisho wa tendo waziwazi badala ya kusema tu "mikono ikifunga".

Andika pia "mtu yuleyule" pale unapotaka mtu yuleyule. Usipoandika, mpigapicha atapiga mikono ya mmoja na uso wa mwingine kwa kufuata mwanga, na kanga zitamsaliti: mikono ina ukingo wa bluu, uso una mtandio wa njano.

Hatua ya nne: sentensi zisizo na picha

Sentensi ya tatu inasema jambo la 1989. Hatuwezi kulipiga. Makosa ya kawaida hapa ni kuweka picha za leo za wanawake shambani na kumwacha mtazamaji adhani anaona mwanzo wa kilimo. Afadhali kutafuta kitu kilichopo leo ambacho kimebeba miaka hiyo. Andika kwenye orodha: mkulima mkongwe aliyeanza miaka ile, mikono yake ikiwa na kamba, picha za zamani za familia zilizopigwa shambani, kama zipo na mwenyewe ameruhusu, vigingi vilivyochakaa vilivyobaki mchangani kutoka mashamba yaliyoachwa. Picha ya karatasi ipigwe kamera ikiwa imetulia juu ya stendi, sekunde 10, ikiwa na kingo zake zote, kisha mara ya pili uso mmoja tu. Usitegemee kusogeza na kukuza kwenye kompyuta peke yake, kwa maana picha ndogo ikikuzwa hupasuka.

Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, badilisha usimulizi. Sekunde 9 juu ya historia isiyo na picha ni nyingi. Ukikata "ya mashariki ya Unguja" unaokoa karibu sekunde 2, na mtazamaji hapotezi kitu kwa sababu Paje imekwisha kutajwa.

Sentensi ya nne inataka uhakika zaidi ya ubunifu. "Ile aina yenye bei nzuri" ni kotonii, na inayolimwa zaidi kwenye kina kifupi ni spinosamu. Kwa mtu wa mjini zote ni mwani. Kwa mkulima wa Paje, kuonyesha spinosamu huku msimulizi akisema kotonii ni kosa analoliona mara moja: spinosamu ina matawi membamba yenye vijimiba, kotonii ina matawi manene na laini zaidi. Kwa hiyo mstari wa orodha usiishie kwenye "mwani unaokufa". Andika: "4b. Karibu sana. Tawi la kotonii lililogeuka jeupe na kukatika likiguswa. Mkulima athibitishe aina kabla ya kupiga. Kama kotonii haipatikani siku hiyo, usipige mbadala, nipigie simu." Amri hiyo ya mwisho inaokoa kazi, kwani mpigapicha mwenye bidii asipoambiwa hivyo ataleta kinachofanana.

Joto la bahari halionekani. Usiandike "jua kali" au "mtu anafuta jasho", maana hilo ni joto la hewani, na mtazamaji makini ataona picha inasema jambo lingine. Kinachoonekana ni matokeo: tawi jeupe, kamba yenye mapengo, mkulima akiokota vipande vilivyokatika. Picha tatu hizo zinatosha sekunde 8.

Na sentensi ya tano ina hatari ya aina yake. "Wengine wameacha kulima" ikisemwa juu ya uso wa mtu anayejulikana kijijini, mtazamaji atasikia kwamba huyo ndiye aliyeacha. Sentensi nzito zaidi, kama ya wizi, deni au ugonjwa, inaweza kumharibia mtu jina na kukufikisha mahakamani. Weka alama kwenye orodha kwa kila sentensi inayobeba sifa mbaya: HAPA PASIWE NA USO. Kwetu tunaandika: vigingi vitupu visivyo na kamba, picha pana, hakuna mtu, na kwa "maji ya kina", chombo kikielekea nje, watu wakionekana kwa mgongo.

Hatua ya tano: panga upya kwa maji na mwanga

Orodha uliyonayo sasa imefuata sentensi. Usimpe mpigapicha hivyo. Tengeneza nakala ya pili inayofuata saa, ukibakiza namba za sentensi pembeni.

Kwa Paje saa inaamuliwa na bahari. Mashamba ya kina kifupi hufikiwa kwa miguu wakati wa bamvua, siku zinazouzunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapokupwa mpaka mbali. Maji mafu hayafai, kwa kuwa bahari haishuki vya kutosha. Siku za bamvua maji hukupwa zaidi karibu na saa nne hadi saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Tazama jedwali la maji kabla ya kupanga safari, kisha mwulize mkulima mwenyewe anashuka saa ngapi. Picha za sentensi ya 1 zinataka maji yakiwa yanaondoka, kwa hiyo mpigapicha awe mchangani muda wa saa mbili kabla maji hayajakupwa kabisa. Za kufunga mchangani zipigwe kwanza, za majini baadaye. Ukichanganya picha ya maji ya magotini na ya maji ya kifundo cha mguu ndani ya tukio moja, mkato hautakubali.

Saa tano asubuhi jua liko juu na maji yanameta. Andika kwenye orodha kwamba lenzi iwe na kichujio cha polaraizi, la sivyo picha za kamba zilizo chini ya maji zitaonyesha anga tu. Nyuso chini ya kofia zitakuwa nyeusi, kwa hiyo 2d ipigwe mapema, jua likiwa bado upande.

Hatua ya sita: maagizo ya kushika picha

Haya yaandikwe mara moja tu, juu ya karatasi, kwa maneno machache. Kila picha ishikwe sekunde 10 bila kusogea, kuanzia pale mkono ulipotulia, si pale kitufe kilipobonyezwa. Kamera ikizunguka, itulie sekunde 5, izunguke, itulie tena 5, ili mhariri apate picha tatu badala ya moja. Mpigapicha asiongee, kwa sababu sauti ya mahali tunaihitaji. Arekodi sekunde 30 za mahali bila picha yoyote ya maana, mara moja ufukweni na mara moja ndani ya ghala la kukaushia.

Mwendo wa fremu uwe 25 kwa sekunde kwa kamera zote. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kamera ya fremu 30 chini ya taa za ghala inaweza kutoa picha inayopepesa, kosa ambalo haliondoki kirahisi. Shata ikae 1/50. Simu za aifoni hazionyeshi fremu 25 mpaka uwashe `Show PAL Formats` kwenye mipangilio ya video ya kamera.

Hatua ya saba: picha za kukatia kwenye mahojiano

Mhojiwa akikatwa maneno katikati, kichwa chake kinaruka kwenye skrini. Picha ya kukatia huwekwa juu ya mruko huo ili sauti ipite bila jicho kushtuka. Orodha ya hizi haiandikwi kabla. Huandikwa wakati mahojiano yanaendelea. Mtu mmoja akae pembeni na daftari, na kila mhojiwa anapotaja kitu kinachoshikika aandike muda na kitu chenyewe:

04:10, kisu cha kukatia kamba, "nilikirithi kwa mama".
06:35, daftari la mauzo.
07:50, vidole vimekatwa na kamba.

Kamera ikizimwa, pigeni vitu hivyo palepale, kabla ya kuaga. Kisu mkononi mwake, daftari likifunguliwa, vidole kwa karibu sana. Picha mbili kwa kila kitu. Mikono ya mhojiwa akiwa anaongea hufaa pia, ila ipigwe akiwa bado ameketi mahali pale, na nguo ileile. Picha ya mwandishi akitikisa kichwa iwe ya mwisho kabisa kufikiriwa. Haisemi kitu juu ya mwani, na mtazamaji ameshajifunza kwamba inaficha mkato.

Hatua ya nane: karatasi ya mhariri

Baada ya kupiga, orodha ile ya sentensi irudi mezani. Tazama picha zote, na mbele ya kila namba andika jina la faili na sekunde bora, kwa mfano "2c: faili 0147, kuanzia 0:06, fundo linakazwa 0:11". Iliyoshindikana iandikwe hivyo waziwazi. Sentensi iliyobaki na picha moja pekee irekebishwe kabla msimulizi hajaingia studio, kwani kufupisha usimulizi ni rahisi kuliko kurudi Paje kungoja bamvua nyingine.

Mwambie mhariri neno gani linakutana na picha gani pale tu inapojali. Fundo likazwe sekunde moja kabla ya neno "hukifunga", si juu yake. Jicho likifika mbele ya sikio, sentensi inathibitisha kilichoonekana. Vikifika pamoja, vinasikika kama somo la chekechea. Kwa picha zingine mwachie nafasi.

Mwisho weka alama pasipofunikwa. Mkulima anaposimulia siku aliyong'oa vigingi vyake, akanyamaza kidogo na kutazama pembeni, andika USIFUNIKE kwa herufi kubwa, na muda wake wa kuanza na kuisha. Mhariri asiyeona alama hiyo ataona mruko sekunde chache mbele, atatafuta picha ya kuuficha, na ataiburuta nyuma mpaka iufunike uso ule.